Stakabadhi ya Kodi Iliyokwisha Kulipwa: Mazungumzo na Wapangaji



Mazungumzo ya leo tumeyawekea mpaka. Hatutazungumzia mpangaji ambaye hajalipa. Tutamzungumzia yule aliyelipa kwa wakati, mwezi baada ya mwezi, fedha taslimu mkononi mwa mwenye nyumba, bila kuandikiana chochote kwa sababu waliaminiana. Sasa miezi imepita, na mtu huyo anahitaji karatasi inayosema kwamba alilipa. Aiombe vipi, iandikweje, na afanye nini akinyimwa?

Watu wengi hufika ofisini kwetu wakiamini kwamba asiye na stakabadhi amekwisha kupoteza haki yake. Hilo si kweli. Malipo ya fedha taslimu yanaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mdomo, kwa mashahidi walioona, na kwa kumbukumbu nyingine. Hata hivyo, ugumu upo, na ni vema kuujua ulipo. Mwenye nyumba akidai kodi, huonyesha mkataba unaosema kodi ni kiasi fulani kwa mwezi, na kwamba ninyi mmekaa humo. Mkisema, "Tulilipa," neno hilo ni lenu, na Sheria ya Ushahidi humtaka anayedai jambo alithibitishe. Hapo ndipo miezi saba ya kuaminiana hugeuka kuwa miezi saba ya kutafuta mashahidi.

Tutatumia mfano mmoja, ambao tumeuunda kutokana na mashauri ya aina hii.

Mama mmoja amepanga chumba na sebule Mbagala, kwa kodi ya shilingi 80,000 kwa mwezi. Alipoingia mwezi Julai alilipa miezi sita kwa mkupuo, na malipo hayo yakaandikwa ndani ya mkataba. Mkataba ulipokwisha mwezi Desemba, mwenye nyumba, mzee mwenye tabia njema, alimwambia aendelee kukaa kwa kodi ileile na alipe kila mwezi. Kuanzia Januari hadi Julai mama huyu alilipa bila kukosa. Mwisho wa Julai mzee aliugua, na kijana wake akaja kusimamia nyumba. Kijana akafungua daftari la baba yake, akakuta kwa chumba kile maandishi ya Januari 80,000, Februari 80,000, Aprili 50,000 na Mei 80,000. Jumla 290,000. Kodi ya miezi saba ni 560,000. Akamwambia mama kwamba anadaiwa 270,000, na asipolipa katika wiki mbili atapewa notisi ya kuhama.

Tutambue kwamba kijana hakuwa mwizi. Aliliamini daftari. Mzee naye hakuwa mwizi. Alikuwa akiandika anapokumbuka. Tunasema hivi kwa sababu namna ya kuomba stakabadhi hutegemea sana mtu unayemwomba umemchukuliaje. Mpangaji anayeingia uani akipaza sauti kwamba anadhulumiwa humfanya mwenye nyumba aogope kutia saini kitu chochote.

Hatua ya kwanza ya mama huyu ilikuwa kukaa peke yake na kalamu kabla ya kwenda kwa mzee. Aliandika kila malipo kwenye mstari wake: tarehe, kiasi, kodi ya mwezi gani, alimpa nani mkononi, mahali gani, na nani alikuwepo. Kazi hii ilimchukua jioni mbili. Tarehe alizipata kwa kupekua simu. Kila mwezi alikuwa akitoa fedha kwa wakala siku ileile au siku moja kabla ya kulipa, na ujumbe wa kutoa fedha ulikuwa bado upo. Ujumbe wa namna hiyo hauthibitishi kwamba fedha zilimfikia mzee. Unathibitisha kwamba siku ile mama alikuwa na kiasi kile mkononi, na ukiwekwa pamoja na mambo mengine unapata uzito.

Orodha ilipokamilika, mambo manne yalijitokeza, na ndiyo yaliyokuwa chanzo cha mgogoro wote. Kodi ya Machi aliipokea mke wa mzee, kwa kuwa mzee alikuwa amesafiri. Aprili alilipa kwa awamu mbili, 50,000 tarehe 5 na 30,000 tarehe 21. Daftari liliandika ile ya kwanza tu. Juni alilipa 55,000, kwa sababu kitasa cha mlango kilikuwa kimeharibika na mzee alimwambia atengeneze kisha akate gharama kwenye kodi, nayo ilikuwa 25,000. Julai aliipokea tena mke wa mzee, wakati mzee yuko kitandani. Kwa hiyo fedha taslimu alizotoa zilikuwa 535,000, na matengenezo 25,000, jumla 560,000.

Mngeweza kudhani kwamba sasa mama aliandika stakabadhi saba, moja ya kila mwezi, kila moja na tarehe yake ya zamani, akamwomba mzee azitie saini. Wengi hufanya hivyo, na wapo wanaonunua kitabu cha stakabadhi dukani wakajaza kurasa saba kwa mkupuo. Tunawasihi msifanye hivyo. Karatasi iliyoandikwa Agosti ikavishwa tarehe ya Januari inasema jambo lisilo kweli, hata kama fedha zilitolewa kweli. Siku itakapobishaniwa, mtu atauliza kwa nini stakabadhi saba za miezi saba zimeandikwa kwa kalamu moja, kwenye namba zinazofuatana. Aliye na haki ataonekana mghushi.

Kinachotakiwa ni karatasi moja yenye tarehe ya siku inayotiwa saini, ambayo ndani yake mpokeaji anakiri malipo ya nyuma, kila moja na tarehe yake. Mama aliandika hivi:

"Mimi, mwenye nyumba ninayetia saini hapa chini, nakiri leo tarehe 6 Agosti kwamba nimekwisha kupokea kutoka kwa mpangaji wangu wa chumba na sebule, katika nyumba yangu iliyopo Mbagala, kodi ya miezi ifuatayo. Januari: 80,000, tarehe 4 Januari. Februari: 80,000, tarehe 3 Februari. Machi: 80,000, tarehe 6 Machi, ilipokelewa na mke wangu kwa niaba yangu. Aprili: 50,000, tarehe 5 Aprili, na 30,000, tarehe 21 Aprili. Mei: 80,000, tarehe 4 Mei. Juni: 55,000, tarehe 7 Juni, 25,000 iliyobaki ilitumika kwa idhini yangu kutengeneza kitasa. Julai: 80,000, tarehe 5 Julai, ilipokelewa na mke wangu kwa niaba yangu. Jumla ya kodi iliyolipwa ni shilingi 560,000 (laki tano na sitini elfu). Mpangaji hana deni la kodi hadi tarehe 31 Julai."

Chini yake aliacha nafasi ya majina kamili na saini za mzee, mke wake, mpangaji na shahidi mmoja, kisha akaandika nakala ya pili inayofanana neno kwa neno. Nyaraka halisi, bila shaka, huwa na majina ya pande zote mbili na mwaka. Sisi tumeyaacha kwa makusudi.

Sentensi ya mwisho, ile ya kutokuwa na deni, ina kazi kubwa kuliko urefu wake. Orodha ya miezi huonyesha kilichopokelewa. Haimzuii mtu kusema baadaye kwamba palikuwa na deni la zamani, na kwamba fedha za Januari zilikwenda kulifuta. Vilevile, msikubali stakabadhi inayosema tu "nimepokea shilingi 80,000" bila kutaja za nini. Katika nyumba nyingi za kupanga, mpangaji humpa mwenye nyumba pia fedha ya maji, ya umeme na ya taka. Karatasi isiyotaja mwezi wala madhumuni inaweza kusomwa kwa namna yoyote anayotaka msomaji.

Sasa kuomba. Mama alichagua siku ya kupeleka kodi ya Agosti, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Siku hiyo mpokeaji anatarajia kitu, na mpangaji hafiki mikono mitupu. Alimkuta mzee ameketi barazani pamoja na mke wake na kijana. Maneno yake yalikuwa karibu na haya:

"Shikamoo mzee. Nimeleta kodi ya Agosti, hii hapa. Kaka ameniambia daftari halina miezi kadhaa, nami sitaki wewe na yeye mpate usumbufu kwa ajili yangu. Nimeorodhesha nilivyolipa tangu Januari. Naomba tuisome pamoja, na palipo na kosa unisahihishe."

Hakusema "sahihi hapa". Aliomba orodha isomwe. Kijana aliisoma kwa sauti, mstari mmoja mmoja, akilinganisha na daftari. Kwa Machi na Julai, mke wa mzee alisema mara moja kwamba alipokea, na kwamba fedha ya Julai ndiyo iliyonunua dawa. Kwa zile 30,000 za Aprili mzee hakukumbuka. Mama akaonyesha ujumbe mfupi wa simu aliomtumia mzee jioni ya tarehe 21 Aprili, "Mzee nimekuachia ile 30 ya kumalizia Aprili," na jibu la mzee, "Sawa mama, nimeiona." Jambo likaisha.

Ujumbe kama huo una thamani kubwa, na tunaomba muutunze. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, maandishi ya simu hayawezi kukataliwa kuwa ushahidi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini yabaki ndani ya simu yenyewe, na namba ya aliyetuma ionekane pamoja na tarehe. Picha ya ukurasa wa simu ni akiba tu, endapo simu itaibwa. Mtu aliyenakili maneno kwenye daftari kisha akafuta ujumbe amebaki na maneno yake mwenyewe.

Ilipofika Juni, mambo hayakwenda vizuri kama awali. Mzee alikiri kwamba aliruhusu kitasa kitengenezwe. Mama alikuwa na risiti ya duka la vifaa ya 18,000. Zile 7,000 nyingine alimlipa fundi, ambaye hakuandika chochote na sasa hapatikani. Kijana akasema fundi wa kitasa hachukui 7,000. Mama akakasirika, na hapo karatasi nzima ilikaribia kuchanwa.

Katika hatua kama hiyo ushauri wetu ni mmoja. Tenganisheni kinachokubaliwa na kinachobishaniwa, kisha andikeni vyote viwili. Ndivyo walivyofanya hatimaye. Mstari wa Juni ulibadilishwa ukasomeka: fedha taslimu 55,000, matengenezo yaliyokubaliwa 18,000, na 7,000 za ufundi bado zinajadiliwa. Jumla ikawa 553,000, na sentensi ya mwisho ikasema kwamba hadi tarehe 31 Julai hakuna deni jingine la kodi ila hizo 7,000 zinazojadiliwa. Marekebisho yaliandikwa upya katika nakala zote mbili. Maneno hayakufutwafutwa juu ya karatasi ya kwanza, kwa kuwa mkato usio na saini pembeni huzaa maswali. Mama alitoka pale akiwa na madai ya 7,000 badala ya 270,000. Angeweza kusisitiza apate zote, nasi tunaelewa uchungu wake. Ila tungemshauri vilevile hata leo.

Kuhusu saini yenyewe, yapo mambo mawili yanayokosewa mara kwa mara. La kwanza ni nani anayetia saini. Kijana wa mwenye nyumba, dalali au mpangaji mwenzenu anayekusanya kodi anaweza kutia saini kwamba yeye alipokea fedha. Hawezi kukiri kwa niaba ya mwenye nyumba jambo ambalo hakutumwa. Ndiyo maana mke wa mzee alitia saini kwa ajili ya Machi na Julai, na mzee akatia saini ya kukubali kwamba alipokea kwa niaba yake. Kama mwenye nyumba hajui kusoma, asomewe yote mbele ya shahidi asiye wa upande wenu, kisha aweke dole gumba, na shahidi aandike kwamba alisikia yakisomwa. Na kama mwenye nyumba amefariki, si kila mtoto wa marehemu mwenye mamlaka ya kukiri au kupokea. Ulizeni ni nani msimamizi wa mirathi, na mwone barua ya mahakama iliyomteua.

La pili ni shahidi. Mama alimwita mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye akaja. Watu hudhani muhuri wa mtaa hugeuza karatasi kuwa hukumu, lakini mwenyekiti hakuwepo Januari fedha zilipotolewa. Aliloshuhudia ni kwamba mzee aliisomewa karatasi, akaikubali, akatia saini kwa hiari. Basi aandike hivyohivyo. Shahidi akiandika kwamba aliona malipo ambayo hakuyaona, ameidhoofisha karatasi aliyokuja kuiimarisha.

Je, stakabadhi hiyo haipingiki? Inapingika. Mtu anaweza kusema alilazimishwa, au alikosea hesabu. Ila sasa mzigo umehama, kwa kuwa anayepinga saini yake mwenyewe ndiye atakayetakiwa kueleza.

Tumebakiwa na yule anayenyimwa. Sababu ya kunyimwa mara nyingi ni hofu ya kodi ya mapato. Mwenye nyumba hudhani karatasi itafika kwa mamlaka ya mapato. Mwelezeni kwa upole kwamba wajibu wake wa kodi, kama upo, ulitokana na kupokea fedha. Karatasi ya kukiri mapokezi haiuongezi, na itakaa kwenu na kwake. Akiendelea kukataa, msiache kulipa kodi ya mwezi unaofuata ili kumshinikiza. Kosa hilo tumeliona likimgeuza mpangaji asiye na deni kuwa mwenye deni halisi. Lipeni, lakini badilisheni njia: tumieni benki au simu, kwa namba yenye jina lake, na mwandike mwezi unaolipiwa kama njia hiyo ina nafasi ya maelezo. Akitaka fedha taslimu tu, nendeni na mtu mzima wa kushuhudia.

Kwa miezi ya nyuma, mpelekeeni ujumbe ulio wazi na wenye adabu: "Mzee, kwa hesabu zangu nimekulipa kodi ya Januari hadi Julai, jumla 560,000. Kama kuna mwezi ambao hukupokea, naomba unijulishe." Jibu la kukubali ni ushahidi. Jibu la kutaja mwezi mmoja tu linapunguza ubishi hadi mwezi huo. Kimya chake peke yake si kukiri, msije mkakitegemea, lakini ujumbe unaonyesha kwamba mlilisema jambo hilo mapema, kabla ya ugomvi.

Mgogoro ukikomaa hadi kutishia makazi yenu, kwa Tanzania Bara hatua ya kuanzia ni Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuamua. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Nendeni na mkataba, hata kama muda wake umekwisha, ile orodha ya mistari yenu, simu yenyewe, na majina ya waliokuwepo. Orodha iliyoandikwa wakati kumbukumbu zikiwa mbichi husaidia kuliko ile inayotungwa barazani mkiwa mmesimama.

Mama wa Mbagala alipata fundi wake mwezi Septemba, akaandikiwa zile 7,000. Mzee alikubali, nao wakaandika mstari mmoja chini ya nakala zote mbili, wakatia saini na tarehe ya siku hiyo.

Walio na mikataba na madaftari yao hapa wabaki, tuyapitie pamoja.